Notisi ya eTIMS na kiwanda cha shangazi: nani inamhusu, afanye nini, mpaka lini

Januari 2024 shangazi yangu alinitumia picha WhatsApp, ukurasa wa gazeti umepigwa upandeupande, kidole gumba kimefunika kona moja, na chini yake swali moja tu: "Mwanangu, hii yanihusu mimi?" Ilikuwa notisi ya KRA, wale wa kodi ya serikali ya Kenya, kuhusu eTIMS, ile mashine ya risiti ambayo kwa kweli si mashine tena, ni programu unayoweka kwa simu au kompyuta. Shangazi ana kiwanda kidogo cha kushona pale Majengo, Mombasa, vyerehani vinne, vijana wawili, na wateja wake ni wa aina tatu: kina mama wa mtaani wanaoleta vitambaa vyao, shule moja ya binafsi inayochukua sare, na hoteli moja ya pwani ya kaskazini inayobadilisha mapazia kila baada ya muda. Hesabu zake naziangalia mimi, bure, malipo ni biriani siku ya Ijumaa.

Nikamjibu haraka, niko kazini, nimesoma notisi nusu nusu. Nikaandika: "Ndio yakuhusu. Wafanyabiashara wote wajisajili eTIMS kabla ya 31 Machi. Muda upo, usijali." Akatuma kile kidole cha sawa, mambo yakaisha. Yakaisha kwangu lakini, manake wiki mbili baadaye mhasibu wa ile hoteli akamwambia mapazia aliyopeleka tarehe 9 Januari hayalipwi mpaka alete invoisi ya eTIMS. Shilingi 180,000. Shangazi akanipigia, sauti imetulia kupita kiasi, wale wanaomjua wanajua hiyo ndio mbaya: "Si uliniambia muda upo?"

Sasa hapo ndipo nikakaa chini nikaisoma ile notisi kama mtu mzima.

Shida yangu ilikuwa hii. Ile notisi ina tarehe mbili na zinafanya kazi mbili tofauti, mimi nikaokota moja tu, ile ya mwisho, kwa sababu akili ya mtu akiona notisi ya serikali inatafuta "mwisho lini" na ikiipata inapumzika. Tarehe ya kwanza ni 1 Januari 2024. Hiyo inatoka kwenye Sheria ya Fedha ya 2023, na inasema kuanzia siku hiyo mtu wa biashara akitaka kutoa matumizi yake kwenye faida kabla ya kukatwa kodi ya mapato, yale matumizi lazima yawe na invoisi iliyopita eTIMS, bila hiyo hayahesabiki. Tarehe ya pili ni 31 Machi 2024. Hiyo ni nafasi KRA waliwapa wale ambao hawajasajiliwa VAT, kwamba ukijisajili eTIMS kabla ya siku hiyo hupigwi faini ya kuchelewa. Basi. Haikusema eTIMS inaanza 31 Machi, wala haikusema mauzo ya Januari na Februari yamesamehewa, tena ilisema kinyume, kwamba ukishajisajili unarudi nyuma unaingiza invoisi zote ulizotoa tangu 1 Januari.

Kwa hivyo mhasibu wa hoteli hakuwa na roho mbaya. Yeye alikuwa anaishi kwenye tarehe ya kwanza, shangazi anaishi kwenye ya pili, na aliyempeleka huko ni mimi.

Tuje kwa "nani inamhusu", manake hapa ndio watu wengi walijidanganya. Kabla ya hapo watu walizoea kwamba mambo ya risiti za kielektroniki ni ya walio kwenye VAT, yaani wenye mauzo ya milioni 5 na zaidi kwa mwaka. Shangazi mauzo yake ni kama milioni 2.4, hayuko VAT, kwa hivyo alipoona neno KRA na neno invoisi akaona ni habari ya wakubwa. Lakini Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa huo mpaka, ikasema kila anayefanya biashara, awe VAT asiwe VAT, atoe invoisi kupitia mfumo huo. Na hofu nyingine aliyokuwa nayo, aliniuliza mara tatu, ni kama akijisajili eTIMS atakuwa ameingia VAT na ataanza kuongeza asilimia 16 kwa bei. Hapana. Ni vitu viwili. Unaweza kuwa eTIMS na usiwe VAT, invoisi yako inatoka bila VAT.

Lakini kusema "inakuhusu kwa sababu sheria imesema" hakumsaidii mtu mwenye vyerehani vinne. Kinachosaidia ni kumuonyesha inamuuma wapi, na mimi naamini hili ndilo jambo ambalo muhtasari wa notisi lazima uwe nalo. Nikachukua kalamu nikamfanyia hesabu ya yale mapazia.

Hoteli ni kampuni, inalipa kodi asilimia 30 ya faida. Ikinunua mapazia ya 180,000 na ina invoisi ya eTIMS, ile 180,000 inatolewa kwenye faida. Ikiwa haina, KRA wanaihesabu kama vile haikutumika, inabaki ndani ya faida, na asilimia 30 yake ni 54,000. Kwa hiyo mapazia ya shangazi bila ile karatasi yanaigharimu hoteli 234,000. Fundi mwingine wa Kisauni anayeuza kwa 200,000 na ana eTIMS ni rahisi kuliko yeye. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe si KRA watakaonifungia, ni wateja." Ndio hivyo hasa. Faini ipo, sheria inasema ukikosa kutoa invoisi unalipa mara mbili ya kodi inayodaiwa, lakini kwa biashara ndogo kama hii mteja anaondoka zamani kabla faini haijafika.

Ukiiangalia kwa wale wateja watatu unaona haimuumi sawasawa. Mama wa mtaani aliyeleta kitambaa cha dera hana haja na invoisi ya eTIMS, yeye hafungi hesabu za kampuni, kwake sheria ile ile ipo lakini hakuna atakayemdai shangazi. Shule inataka. Hoteli inataka na haitalipa bila hiyo. Na hao wawili, shule na hoteli, ndio karibu theluthi mbili za pesa zake za mwaka.

Kuna upande mwingine ambao nusura nimpotoshe tena. Nilianza kumwambia naye adai risiti za eTIMS kwa kila anayemuuzia, muuza uzi, muuza zipu, yule wa vitambaa kule Biashara Street, ili naye matumizi yake yahesabike. Halafu nikakumbuka shangazi yuko TOT, ile kodi ya mauzo ghafi ya wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25, na TOT ni asilimia 3 ya mauzo yote, haitoi matumizi hata senti. Kwenye yale mapazia kodi yake ni 5,400, awe alinunua kitambaa kwa risiti au bila. Kwa hivyo kumtuma akagombane na muuza uzi kuhusu risiti ni kumpotezea siku. Risiti aweke, ni vizuri kwa hesabu zake mwenyewe, na siku akitoka TOT akaingia kodi ya kawaida zitakuwa na maana, lakini si kazi ya mwezi huu. Ndio nasema, kabla ya kumfupishia mtu notisi jua kwanza analipa kodi gani. Notisi ile ile kwa jirani yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliye kwenye VAT ina maneno tofauti kabisa.

Haya, afanye nini. Hapa nitaeleza vile ilivyokwenda, manake haikwenda vizuri.

Hatua ya kwanza ni kuingia etims.kra.go.ke, unaweka PIN ya KRA, ile namba yako ya mlipa kodi, mfumo unatuma namba ya siri kwa simu. Tukangoja. Hakuna kitu. Tukarudia, hakuna. Kumbe ile namba ya siri inatumwa kwa simu iliyoandikwa iTax, ule mtandao wa KRA wa mambo ya kodi, siku ulipochukua PIN, na ya shangazi ilichukuliwa miaka ile kwa mtu wa saiba aliyejaza namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Kwa hivyo namba za siri za shangazi zilikuwa zinaenda kwa kijana fulani asiyejulikana yuko wapi. Ikabidi tuingie iTax kwanza tubadilishe namba ya simu na barua pepe, ndio turudi. Jioni nzima imekwenda. Tangu siku hiyo nikimfupishia mtu jambo lolote la KRA mstari wa kwanza wa "fanya nini" ni: hakikisha simu iliyo iTax ni yako na iko hewani.

Baada ya hapo unapakia kitambulisho na ile fomu ya ahadi uliyoijaza na kutia sahihi, unachagua aina ya eTIMS, yeye akachagua ya simu, na unangoja ofisa aidhinishe. Hili la kungoja watu wanalisahau. Haiwi papo hapo, kwa hivyo mtu akikuambia mwisho ni tarehe fulani, ile tarehe si ya kuanza kubonyeza, ni ya kuwa umeshamaliza. Siku hizi wasio VAT wana njia nyepesi zaidi, kuna eTIMS Lite kupitia eCitizen na kuna *222# hata kwa kabambe, lakini ile shida ya simu ya iTax inakufuata kokote.

Halafu unasajili vitu unavyouza, pazia, sare, kushona kwa oda, kila kimoja na bei yake, ndio uweze kutoa invoisi. Shangazi akatoa ya kwanza, ya hoteli, 180,000, akaipiga picha akaituma kwa furaha. Ikarudi. Hakuweka PIN ya hoteli. Ukitoa invoisi bila PIN ya mnunuzi inapita vizuri tu, ina namba zake na msimbo wa QR, na kwa mama wa dera inatosha, lakini kwa kampuni inayotaka kutoa matumizi haina kazi kwa sababu mfumo haujui aliyenunua ni nani. Na huwezi kuifuta. Ikabidi atoe kredit noti ya kuipindua ile ya kwanza, halafu atoe nyingine yenye PIN. Kama hukutoa kredit noti basi kwa KRA umeuza mapazia mara mbili, 360,000, na TOT utalipa ya 360,000. Hilo ndilo kosa nililoliona kwa wengi zaidi ya mmoja, wanatoa invoisi mpya na kuiacha ile mbovu hapo hapo.

Kisha ile kazi ya kurudi nyuma. Bahati shangazi ana kile kitabu cha risiti cha kaboni, nakala ya bluu inabaki, mwandiko wake mkubwa mkubwa. Tulikaa Jumapili moja Februari, mimi nasoma yeye anabonyeza, kuanzia 1 Januari, moja baada ya nyingine, na kila tuliyoiingiza nikaandika namba ya eTIMS kwa kalamu nyekundu kwenye nakala ya bluu ili tusiingize mara mbili. Kama huna kitabu hujui ulimuuzia nani, utatafuta kwenye meseji za M-Pesa, na taslimu zitakupita.

Sasa "mpaka lini". Notisi imesema 31 Machi. Tazama kalenda ya mwaka ule: 31 Machi 2024 ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya Pasaka, Ijumaa yake ni sikukuu, Jumatatu yake ni sikukuu, kwa hivyo siku ya mwisho ya kazi ambayo unaweza kumpata ofisa akuidhinishie ni Alhamisi tarehe 28. Na kwa fundi cherehani wa Mombasa kuna kalenda nyingine juu ya hiyo, Ramadhani ilianza katikati ya Machi, na kila anayeshona anajua Ramadhani ni nini, nguo za Idi, watu wanalala kiwandani, hakuna anayekaa kwenye simu kusajili bidhaa. Kwa hivyo tarehe ya shangazi haikuwa 31 Machi. Ilikuwa mwisho wa Februari. Na kwa yale mapazia, tarehe ilikuwa jana.

Hatimaye nikamuandikia muhtasari wa pili, ule ambao ningeandika siku ya kwanza ningekuwa na akili. Ulikuwa hivi, neno kwa neno, bado ninao kwa simu:

"Shangazi, notisi ya KRA kuhusu eTIMS, nimeisoma Februari 2024, ikibadilika nitakuambia.
Yakuhusu? Ndio, hata kama huko VAT. Haikuingizi VAT, bei zako hazibadiliki.
Itakuuma wapi: hoteli na shule hawatakulipa bila invoisi ya eTIMS. Wateja wa mtaani hawatakuuliza, lakini nao waingize.
Tarehe: tangu 1 Januari mauzo yako yote yatakiwa yawe eTIMS. 31 Machi ni mwisho wa kujisajili bila faini, lakini ni Pasaka na Ramadhani, wewe maliza Februari.
Fanya hivi: badilisha namba ya simu iTax. Jisajili. Toa ya hoteli kwanza, na PIN yao. Halafu tuingize za kitabuni tangu Januari.
Ukikosea usitoe nyingine juu yake, nipigie.
TOT endelea kulipa kila mwezi kabla ya tarehe 20 kama kawaida, hii haiifuti.
Risiti za uzi na vitambaa weka tu kwenye boksi."

Ukiangalia hamna namba ya kifungu hata kimoja, wala jina la sheria. Niliyatoa makusudi. Nilitoa pia ile orodha ya vitu visivyohitaji eTIMS, mishahara, riba, tiketi za ndege, bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, kwa sababu ya mishahara tu ndio ingemgusa, na vijana wake wawili hawamdai invoisi. Kilichonipa taabu kukiacha ni faini. Mtu anayefupisha notisi anapenda kuanza na faini kwa sababu inashtua, na mimi nikaona shangazi akishtuka ataenda kwa mtu wa saiba amlipe elfu tatu amfanyie, na tumeshaona mtu wa saiba alitufanyia nini.

Ile tarehe ya Februari 2024 niliyoweka juu ya ujumbe ilikuja kunisaidia. Mwisho wa mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, kuanzia 27 Desemba 2024, kwamba mnunuzi akinunua kwa biashara ndogo au mkulima ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi ndiye anayetoa ile invoisi, muuzaji anaikubali tu. Shangazi na milioni 2.4 zake yuko ndani kabisa. Kwa hivyo mstari wangu wa "Toa ya hoteli kwanza" ulikuwa umezeeka, nikamtumia mpya. Akasoma, akauliza kama analazimika kuacha yake. Nikamwambia la, ukitaka kutoa mwenyewe toa. Akasema anatoa mwenyewe, hataki mhasibu wa hoteli amuandikie yeye amemuuzia shilingi ngapi. Sikuwa nimelifikiria hilo, na ana haki: akikubali bila kuangalia, ile takwimu ndiyo KRA watakayoiona kama mauzo yake.

Na kuna lingine la kuongeza kwa yeyote anayefanya hesabu za mwaka 2025. KRA walitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2026 mapato na matumizi anayojaza mtu kwenye ritani ya mwaka yanalinganishwa na yaliyomo kwenye eTIMS. Zamani mhasibu wa hoteli angeweza kukusitiri, aandike matumizi na kusubiri kama ataulizwa. Sasa hata akitaka hawezi, namba zisipolingana zinaonekana pale pale.

Juzi nilipita kiwandani, kuna mtu wa hoteli nyingine amekuja kutaka mapazia, shangazi ana tepu shingoni na pini mdomoni. Yule bwana anaanza kueleza vipimo vya madirisha, shangazi akatoa zile pini mdomoni, akafungua daftari. "Nipe PIN kwanza baba, dirisha baadaye."